Video Inapoganda kwa Mhariri: Kodeki za Kati kwa Kompyuta ya Kawaida

Rekodi dakika kumi za sherehe kwa kamera iliyowekwa kwenye 4K, kisha uzifungue nyumbani kwa programu ya kuangalia filamu. Zitacheza bila tatizo, hata kwenye kompyuta ya mtumba. Ziingize faili hizohizo kwenye programu ya kuhariri, uanze kuburuta kielekezi mbele na nyuma ukitafuta mahali pa kukata, na mambo yanageuka. Picha inasimama, sauti inatangulia, feni inavuma. Hapo wengi wanaamua kwamba mashine imechoka na wanaanza kutafuta hela ya nyingine. Nimewaona vijana wenye kipaji wakiingia madeni kwa sababu hiyo, na inaniuma, kwa kuwa mara nyingi kompyuta waliyokuwa nayo ingetosha kabisa. Kilichowakwamisha ni namna kamera ilivyozibana picha, na dawa yake ni kuzigeuza kwanza ziwe katika kodeki ya kati, kisha ndipo kuhariri kuanze.

Kodeki ni kanuni ya kubana na kufumbua video. Kamera haiwezi kuhifadhi kila fremu ilivyo, maana fremu moja ya 4K bila kubanwa inazidi megabaiti kumi, na kwa sekunde moja zinapita fremu 25. Kadi ya kumbukumbu ingejaa ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kamera nyingi na karibu simu zote hutumia H.264, iliyotoka mwaka 2003, au mdogo wake H.265, inayoitwa pia HEVC, iliyotoka mwaka 2013. Hizi ni kodeki hodari sana wa kupunguza ukubwa. Uhodari wao ndio unaotuletea shida mezani.

Siri yao ni kwamba haziandiki kila fremu kwa ukamilifu. Fikiria mwenye duka anayehesabu bidhaa zote siku ya Jumatatu, halafu siku zinazofuata anaandika tu kilichouzwa na kilichoingia. Daftari lake ni jembamba, lakini ukimuuliza Alhamisi ana mifuko mingapi ya unga, lazima aanzie Jumatatu na kujumlisha na kutoa mpaka aifikie Alhamisi. H.264 hufanya hivyohivyo. Inaandika fremu moja kamili, kisha fremu kadhaa zinazofuata zinaeleza tu kilichobadilika: bibi harusi kasogea kidogo, mkono umepanda, ukuta wa nyuma umebaki palepale. Baya zaidi, baadhi ya fremu hizo zinategemea pia fremu ambayo bado haijafika, kwa hiyo ili kuonyesha ya katikati kompyuta hulazimika kufumbua ya mbele yake kwanza.

Anayetazama tu haoni tabu, kwa sababu anakwenda mbele kwa mfululizo na kila fremu inamkuta aliyotangulia imeshafumbuliwa. Mhariri anarukaruka. Anabofya dakika ya tatu, anarudi nyuma fremu nane, anabonyeza herufi J ili video icheze kinyumenyume. Kamera ikiwa imeandika fremu kamili mara moja kila nusu sekunde, basi kwa fremu 25 kwa sekunde kila kundi lina fremu kumi na mbili hivi. Kuonyesha fremu ya kumi kunataka kufumbua nyingi kati ya zilizotangulia, kisha kuzitupa. Kurudi nyuma fremu moja kunaweza kudai kazi yote hiyo upya. Weka kamera mbili juu ya taimulaini moja, ongeza jina la maharusi likielea juu ya picha, na prosesa yenye viini vinne inazidiwa.

Kodeki ya kati haina mtindo huo. Kila fremu inabanwa peke yake, bila kumtegemea jirani. Ukiitaka fremu ya 4,312 kompyuta inakwenda moja kwa moja pale ilipo, inaifumbua hiyo tu na kukuonyesha. Hesabu ya kuifumbua nayo ni nyepesi. Kampuni ya Avid ilitoa DNxHD mwaka 2004, Apple ikaleta ProRes mwaka 2007, na baadaye DNxHD ikapata ndugu yake DNxHR kwa ajili ya picha kubwa kuliko HD. Ipo pia CineForm, ambayo kampuni yake ilinunuliwa na GoPro. Zote zinaitwa za kati kwa sababu zinakaa katikati ya kamera na kazi iliyokamilika: kamera imeshamaliza kurekodi, mteja bado hajapewa kitu, na wewe uko hapo kati unakata na kupanga. Anayefanya kazi kwenye Windows au Linux atakutana zaidi na DNxHR, na anayetumia Mac atakutana na ProRes. Kwa ulaini wa kucheza hazipishani kiasi cha kumnyima mtu usingizi.

Gharama yake ni ukubwa wa faili. Kwa kuwa hakuna fremu inayoegemea nyingine, kila moja lazima ibebe picha yake yote. Hapa ndipo ushauri unaosambazwa ovyo unapowaumiza wenye mashine ndogo, na nitapaeleza kwa kazi halisi.

Kijana mmoja wa Temeke anayerekodi sendofu na harusi alinipigia akiwa amekata tamaa. "Kaka, nimeongeza RAM mpaka 16, bado inaganda vilevile," aliniambia. Alikuwa na laptopu ya mtumba yenye prosesa ya i5, SSD ya gigabaiti 500 ambayo nusu yake imeshajaa, na diski ya nje ya kuzunguka ya terabaiti moja. Kamera zake mbili zilirekodi 4K kwa fremu 25, H.264, kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde. Jumla alikuwa na saa tatu za video kutoka kamera hizo, na dakika kumi na mbili ambazo mjomba wa bibi harusi alizirekodi kwa simu wakati wa kuingia ukumbini, mahali ambapo kamera zote mbili zilizibwa na watu. Anahariri kwa DaVinci Resolve, toleo la bure.

Kabla ya kugeuza chochote nilimwomba afungue Task Manager, aicheze taimulaini, na anisomee namba. Prosesa ilikuwa 100%. Diski ilikuwa chini ya 10%. RAM ilikuwa na nafasi tele. Namba hizo tatu zilitosha kueleza kwa nini RAM mpya haikusaidia: kilichozidiwa ni kufumbua picha, wala si kuzisoma wala kuzihifadhi. Kama diski ndiyo ingekuwa 100% na prosesa imetulia, kugeuza kodeki kungeongeza tatizo, kwa kuwa faili zingekuwa kubwa zaidi na diski ingezidi kulemewa. Kama video tupu ingecheza vizuri na kuganda kukaanza pale tu alipoweka rangi na vionjo, basi kadi ya grafiki ndiyo iliyohitaji kutazamwa. Ndani ya Resolve kwenyewe kuna namba ndogo juu ya kioo cha kutazamia, inayoonyesha fremu zinazochezwa kwa sekunde. Inapokuwa 25 yenye alama ya kijani, mambo ni shwari. Yake ilikuwa nyekundu, ikipanda na kushuka kati ya 7 na 11.

Alikuwa ameshasoma mahali kwamba ageuze kila kitu kiwe ProRes 422 kwa ukubwa uleule wa 4K. Tukapiga hesabu pamoja. Video yake ya asili, kwa megabiti 100 kwa sekunde, inachukua gigabaiti 45 kwa saa, yaani 135 kwa saa tatu. ProRes 422 ya 4K kwa fremu 25 ni takribani megabiti 490 kwa sekunde. Hiyo ni gigabaiti zaidi ya 220 kwa saa moja, na kwa saa tatu ni kama 660. SSD yake isingezimeza. Diski ya nje ingezimeza, lakini kuchezesha kamera mbili kwa pamoja kungedai megabaiti zaidi ya 120 kila sekunde, na diski ya kuzunguka ya bei ya kawaida inafika hapo kwa tabu, tena ikiwa inasoma kwa mfululizo bila kurukaruka. Angeliondoa tatizo kwenye prosesa na kulihamishia kwenye diski. Ushauri ule ni mzuri kwa studio yenye diski za kasi. Kwa mtu wa laptopu ni hasara.

Njia inayomfaa ni proksi. Faili za asili zinabaki kama zilivyo, haziguswi. Pembeni yake zinatengenezwa nakala ndogo, nusu ya upana na nusu ya urefu, katika kodeki ya kati iliyo nyepesi. Unahariri ukiangalia nakala hizo, na unapotoa kazi ya mwisho programu inarudi yenyewe kwenye faili za asili. Picha ya 4K yenye upana wa 3840 ukiikata nusu inakuwa 1920 kwa 1080, ambayo bado ni HD kamili. Kwenye kioo cha laptopu, ndani ya kidirisha cha programu, huwezi kuona tofauti wakati wa kukata.

Kiwango cha DNxHR kinachofaa kwa hili kinaitwa LB. Kwa 1920 kwa 1080 na fremu 25, kinatumia karibu megabiti 36 kwa sekunde. Fanya hesabu tena: gigabaiti 16 kwa saa, na chini ya 50 kwa saa zote tatu. Zinaingia kwenye SSD bila kusukumana. Tazama jambo hili kwa makini, kwa sababu linawashangaza wengi: proksi hizi ni ndogo kuliko faili za asili, na bado zinacheza kwa ulaini ambao faili za asili haziwezi kuufikia. Uzito wa video kwa mhariri hauko kwenye gigabaiti peke yake. Uko kwenye kazi ya kufumbua.

Ndani ya Resolve hatua zenyewe ni chache. Unafungua Project Settings, sehemu ya Master Settings, unashuka mpaka Optimized Media and Render Cache. Pale kwenye Proxy Media Resolution unachagua Half, na kwenye Proxy Media Format unachagua DNxHR LB. Chini kidogo, kwenye Working Folders, unaonyesha folda ambamo proksi zitawekwa, na folda hiyo iwe kwenye SSD. Kisha unarudi kwenye orodha ya klipu zako, unazichagua za kamera zote, unabofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Generate Proxy Media. Kazi ikiisha, unaingia menyu ya Playback, Proxy Handling, na kuchagua Prefer Proxies.

Kugeuza huku kunakula muda, na hakuna njia ya kukwepa hilo. Kompyuta ileile iliyoshindwa kufumbua H.264 kwa haraka bado lazima iifumbue yote mara moja, kisha iandike upya. Faida ni kwamba sasa inafanya hivyo bila wewe kusubiri mbele yake, na inakwenda mbele kwa mfululizo, mwendo ambao H.264 haina tabu nao. Mashine ya aina ile hugeuza kwa kasi iliyo karibu na muda wa video yenyewe, wakati mwingine pungufu. Saa tatu za sherehe ni kazi ya usiku mmoja. Kijana wa Temeke aliiacha ikifanya kazi akaenda kulala, na asubuhi namba ile juu ya kioo ilikuwa 25, ya kijani, kamera zote mbili zikiwa kwenye taimulaini.

Umeme ukikatika usiku na betri ikaisha, klipu iliyokuwa ikiandikwa wakati ule itakuwa bovu. Faili ya MOV huandikwa faharasa yake mwishoni, na bila faharasa hiyo haifunguki, hata kama ina gigabaiti kadhaa ndani. Klipu zilizokwisha kabla yake ziko salama. Huna haja ya kuanza upya: tafuta ile moja, ambayo mara nyingi ndiyo ya mwisho kwa saa ya kuandikwa, ifute, uitengeneze tena peke yake. Diski ikijaa katikati ya kazi utapata tatizo lilelile, ndiyo maana hesabu ya gigabaiti hufanywa mapema.

Zikabaki dakika kumi na mbili za simu ya mjomba, na hizo zina tabia yao. Kamera ya kazi ikiambiwa fremu 25 kwa sekunde hutoa 25 bila kukosa. Simu nyingi hazifanyi hivyo. Mwanga ukipungua au chipu ikipata joto, simu inapunguza fremu, kisha inaziongeza tena, na kwenye faili inaandika tu kila fremu ilifika saa ngapi. Programu ya kutazama filamu inafuata saa hizo na huoni kitu. Programu ya kuhariri inataka fremu zilizopangwa kwa nafasi sawa, na isipozipata, sauti na picha huanza kuachana. Dalili yake ni hii: mwanzo wa klipu midomo na maneno vinakwenda pamoja, lakini kufika dakika ya nane au ya kumi mshereheshaji anasikika kabla hajafungua mdomo. Ukiivuta sauti irudi mahali pake mwishoni, mwanzo unaharibika. Kosa linalokua kadiri klipu inavyokwenda halirekebishwi kwa kusogeza.

Unaweza kuthibitisha kwa ffprobe, chombo cha bure kinachokuja pamoja na FFmpeg:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=codec_name,pix_fmt,r_frame_rate,avg_frame_rate -of default=noprint_wrappers=1 simu.mp4
```

Inakurudishia mistari minne. Tazama miwili inayohusu fremu. Kwenye `r_frame_rate` mara nyingi utaona 30/1, ambayo ni makadirio ya kasi ya msingi ya klipu. Kama kwenye `avg_frame_rate` nako kuna 30/1, klipu imetulia. Ukikuta sehemu ya ajabu yenye tarakimu nyingi juu na chini, ambayo ukiigawanya unapata 29.6 au 28.9, ujue fremu zilikuwa zikiyumba.

Kwa klipu kama hiyo proksi haitoshi. Proksi huhitaji kulingana na faili yake ya asili fremu kwa fremu, na hapa asili yenyewe ndiyo yenye kasoro. Lazima itengenezwe faili mpya itakayochukua nafasi ya ile ya simu moja kwa moja, kuanzia kukata hadi kutoa kazi ya mwisho. Kwa sababu hiyo ubora wake usiwe wa LB. Panda hadi SQ, ambayo hasara yake kwa picha ya simu ni vigumu kuiona:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -fps_mode cfr -r 30 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_sq -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le simu_30.mov
```

Maneno `-fps_mode cfr -r 30` ndiyo yanayonyoosha fremu: palipo na pengo fremu inarudiwa, palipozidi inaachwa, na kila sekunde inapata 30 kamili. Neno `dnxhd` halimaanishi kwamba umechagua ile ya zamani, kwa kuwa FFmpeg hutumia jina hilo kwa familia yote, na ni `dnxhr_sq` inayotaja kiwango. Mwishoni `pcm_s16le` inaibadilisha sauti iliyobanwa iwe sauti isiyobanwa, ambayo kila programu ya kuhariri inaikubali. Wakati kazi inaendelea utaona maandishi yakikimbia, na mwisho wa mstari kuna neno kama `speed=1.4x`. Hiyo inakuambia kwamba dakika kumi na mbili zitaisha kwa kama dakika nane na nusu. Faili itakayotoka, kwa video ya 1920 kwa 1080, itakuwa na gigabaiti zipatazo 13. Ni nyingi kwa dakika kumi na mbili, lakini ni klipu moja, na bila yake hakuna picha ya maharusi wakiingia.

Watu wengine, wakisikia neno kugeuza, hukimbilia programu za bure za kubadilisha MP4 kuwa MOV, na baada ya saa nzima wanakuta video inaganda kama mwanzo. MP4 na MOV ni majina ya makasha tu. Kilichomo ndani kinaweza kuwa H.264 ileile iliyohamishwa kutoka kasha moja hadi jingine, au, vibaya zaidi, H.264 iliyofumbuliwa na kubanwa upya ikapoteza ubora bila faida yoyote. Amri ya ffprobe niliyoitoa hapo juu inamaliza ubishi: mstari wa `codec_name` ukisema `h264` au `hevc`, hujageuza kitu. Unatafuta `dnxhd` au `prores`.

Imani nyingine inayozunguka ni kwamba kugeuza huongeza ubora. Hakuongezi. Kamera ikirekodi kwa biti 8, na ikahifadhi taarifa ya rangi kwa robo ya nukta zake kama zinavyofanya kamera nyingi za bei nafuu, basi faili mpya itabeba rangi hizohizo hata ukiiweka kwenye kiwango cha juu kabisa cha DNxHR. Anga lenye mistari litabaki na mistari. Unachokipata ni wepesi wa kazi. Na kwenye proksi zenyewe usipime rangi wala ukali wa picha. LB inabana kwa nguvu na ni ya biti 8. Ukifika hatua ya kusahihisha rangi ya ngozi au kuangalia kama uso umekaa sawa kwenye fokasi, rudi Playback, Proxy Handling, chagua Prefer Camera Originals. Itaganda kidogo, lakini hapo unatazama fremu iliyosimama.

Wenye kamera za karibuni wana swali lao: mbona kompyuta inacheza video za simu za H.265 bila shida, lakini za kamera mpya, H.265 hiyohiyo, hazisogei? Jibu liko ndani ya chipu. Prosesa na kadi za grafiki zina sehemu maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya kufumbua H.264 na H.265, na sehemu hiyo ni ya haraka mno, lakini inatambua aina fulani tu. Video ya simu kwa kawaida ni ya aina inayoitwa 4:2:0, na mashine nyingi za miaka ya karibuni zinaijua. Kamera za kazi siku hizi hurekodi 4:2:2 kwa biti 10, zenye rangi nyingi zaidi, na aina hiyo ilikosekana kwenye chipu kwa muda mrefu. Kadi za NVIDIA za GeForce zilianza kuifumbua kwenye mfululizo wa RTX 50 tu, mwaka 2025. Kwa hiyo mtu anaweza kununua kadi ya bei mbaya ya miaka michache nyuma na video yake bado ikafumbuliwa na prosesa peke yake. Chipu za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea zinaifumbua H.265 ya aina hiyo, na Mac zenye chipu za Apple pia. Nje ya hapo, kodeki ya kati ndiyo njia. Mstari wa `pix_fmt` kwenye jibu la ffprobe unakueleza uliyo nayo: `yuv420p` ni nyepesi, `yuv422p10le` ni ile inayokwamisha.

Wanaotumia Resolve ya bure kwenye Linux hawana hata nafasi ya kuchagua. Toleo hilo limekuwa halifungui H.264 wala H.265, wala sauti ya AAC inayotoka kwenye simu na kamera nyingi. Klipu inaingia bila picha, au yenye picha bila sauti. Kwao kila kitu lazima kipite kwenye FFmpeg kwanza, kwa amri ileile niliyoitumia kwa simu, bila kulazimisha fremu kama kamera ilikuwa imetulia. Na hao lazima wawe na diski kubwa, kwani faili wanazotengeneza ndizo za kazi na si proksi.

Hatua ya mwisho inataka macho mawili. Unapotoa kazi iliyokamilika kwenye ukurasa wa Deliver, Resolve kwa kawaida hutumia faili za asili hata kama ulikuwa ukihariri kwa proksi. Lakini ndani ya mipangilio ya juu kuna kisanduku cha Use proxy media, na kikiwa na alama ya tiki utampa mteja video iliyokuzwa kutoka kwenye nakala ya 1080. Dalili utaiona kwenye vitu vidogo: nyuzi za gauni zinayeyuka, nywele zinakuwa kama zimepakwa rangi, maandishi kwenye bango la ukumbini yana ukungu, ilhali majina uliyoyaandika mwenyewe juu ya picha ni makali. Majina yanakuwa makali kwa sababu programu inayachora upya. Ukiona tofauti hiyo, angalia kisanduku kile, na uhakikishe pia kuwa diski yenye faili za asili imechomekwa kabla ya kutoa kazi.

Mteja akishapokea kazi na kuridhika, futa folda ya proksi yote. Ukizihitaji tena zitatengenezwa usiku mmoja. Faili za kamera zihifadhi kwenye diski mbili tofauti, na ile ya mjomba iliyonyooshwa iweke pamoja nazo, ikiwa na ya simu kando yake. Na kabla hujaenda kuuliza bei ya kompyuta nyingine, chukua klipu moja ya dakika mbili, itengenezee proksi, uicheze huku umefungua Task Manager.